Kopo la Vichujio Kumi na Sita

Barua ilibandikwa mlangoni mwa saluni Alhamisi asubuhi, kwa gundi, siyo kwa pini, ili mwenye saluni ajue kwamba mambo si ya mzaha. Mama Vichwa aliisoma mara tatu huku funguo zikining'inia kidoleni. Mwandiko aliujua. Ulikuwa wa Mwalimu, mstaafu wa ghorofa ya nne, mwenyekiti wa kamati ya jengo, mama ambaye hata orodha yake ya sokoni huipigia mstari kwa rula.

Barua ilisema hivi: kwa miezi miwili sasa tangi la paani limekuwa likikauka kabla ya siku ya maji. Maji ya mtaa huja Jumanne na Ijumaa, na zamani tangi likijaa Ijumaa lilitosha mpaka Jumanne bila wasiwasi. Sasa ikifika Jumapili jioni watu wanatazamana na ndoo tupu. Kamati imeona kwamba saluni iliongeza sinki la pili miezi miwili hiyohiyo. Basi, tangi likikauka tena kabla ya Jumanne ijayo, koki ya saluni itafungwa, na mwenye saluni atafute pengine.

Pengine wapi, jamani? Mama Vichwa alikaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo na kujionea huruma. Miaka sita alikuwa hapo chini ya jengo, na juu ya saluni, ghorofa ya kwanza, ndiko alikokaa na mume wake, dereva wa lori ambaye wiki hiyo alikuwa safarini. Jina lenyewe la Mama Vichwa alilipata hapo, kwa kuosha vichwa vya mtaa mzima. Saluni bila maji ni nini? Ni chumba chenye vioo. Na Jumamosi alikuwa na bibi harusi na wasindikizaji wake watano!

Akampigia simu wifi yake.

Sasa, huyu wifi, dada wa mume wake, alikuwa fundi bomba, tena fundi haswa, na kila mtu alimwita Spana. Yeye na Mama Vichwa walipendana kwa matusi. Hawakuwahi kukutana bila kuchokozana, na mume aliwahi kusema kwamba akiwakuta wanaongea kwa adabu atajua kuna msiba.

"Njoo unifungie tangi langu mwenyewe," Mama Vichwa alisema. "Leo. Nimechoka kusimangwa."

"Tangi utaliweka wapi, kichwani?" alijibu Spana. Lakini saa sita kamili alikuwa ameshafika. Aliingia na begi lake la vyuma, akavua viatu mlangoni, akaangalia masinki mawili ya kuoshea nywele, kila moja na mpira wake wenye kichwa cha mvua. Akaomba jagi la lita moja.

"La nini? Nimekuita ufunge tangi, siyo utengeneze juisi."

"Wifi, nyamaza kidogo, nahesabu."

Akaufungua mpira hadi mwisho, akaelekeza maji kwenye jagi, simu mkononi ikihesabu sekunde. Jagi likajaa kwa sekunde nne tu, maji yakamrukia Mama Vichwa mpaka kifuani.

"Sekunde nne kwa lita," Spana alisema. "Gawanya sitini kwa nne. Lita kumi na tano kwa dakika. Huu si mpira wa saluni, huu ni wa kuzimia moto! Kile kisahani cha kubana maji kiko wapi?"

"Kisahani gani?"

"Kile kidude cha plastiki, kidogo kama kifungo cha shati, chenye tundu katikati. Hukaa hapa kwenye maungio ya mpira. Masinki kama haya huja nacho."

Mama Vichwa alijifanya anatafuta kitana. Lakini uso wake haujui kuficha, na Spana alikuwa ameukariri tangu siku ya posa. "Wifi," alisema polepole. "Umefanya nini?"

Basi ikabidi aseme. Miezi miwili na nusu iliyopita bomba kubwa la barabarani lilipasuka, likatengenezwa, na maji yaliporudi yalikuja na matope na mchanga. Baada ya siku chache mabomba ya jengo zima yakaanza kutoa maji kwa kujivuta. Watu walilalamika, wakasema tangi limeoza, wakasema sijui nini. Ni Mama Vichwa aliyegundua dawa. Alifungua kile kichujio kinachokazwa mdomoni mwa bomba la jikoni kwake, akakikuta kimejaa mchanga na chokaa, akakiweka pembeni. Loh! Maji yakatoka kama yamefunguliwa kutoka gerezani. Akaenda kwa jirani mshonaji, akamfungulia. Jirani akamwambia jirani. Kwa siku mbili Mama Vichwa alipanda na kushuka ngazi na koleo mkononi, akifungua vichujio vya nyumba zote nane, yake ikiwemo, jikoni na bafuni, na kila mlango alipigiwa makofi. Walimwita daktari wa mabomba. Hata Mwalimu alimpa chungwa!

"Umevitupa?" Spana aliuliza, mkono kifuani.

Mama Vichwa akavuta droo ya chini, akatoa kopo lililokuwa la pini za nywele. Akalifungua. Ndani mlikuwa na vichujio kumi na sita na visahani viwili.

Spana aliviangalia, kisha akacheka mpaka akakaa chini sakafuni. Alicheka machozi. Mama Vichwa naye alianza kucheka kwa kuambukizwa, kisha akakumbuka barua, akaanza kulia, kisha akacheka tena katikati ya kilio.

"Mwenzangu," Spana alisema alipopata pumzi, "bomba likiziba wewe unalisafisha, huling'oi mdomo! Hiki kichujio ndicho kinachochanganya maji na hewa. Maji machache yanatoka laini, yamevimba, mkono unaona mengi. Ukikitoa, kila mtu anayenawa anamwaga mara mbili. Sinki lako la pili halijakausha tangi. Umelikausha wewe kwa koleo, nyumba nane, na wenyewe wakakupigia makofi."

"Basi tuvirudishe hapa saluni kimyakimya, yaishe."

"Visahani viwili vya saluni vitasaidia nini wakati juu kuna midomo kumi na sita inayomwaga? Tangi litakauka vilevile, na wewe utafungiwa. Lazima upande ngazi uwaambie."

Mama Vichwa alilifunga kopo, akalikumbatia. Aliogopa. Watu wakijua kwamba ni yeye, wataisubiri Jumanne ya nini? Wangeifunga koki usiku huohuo. Alisema hivyo, kwa sauti ndogo.

"Huenda," Spana alisema. "Lakini usipowaambia watafunga kwa hakika. Haya, lete siki nyeupe na mswaki wa zamani. Kwanza tusafishe, angalau uende na kitu mkononi."

Mchana ule waligeuza saluni kuwa karakana. Spana alimwelekeza, na Mama Vichwa alifanya kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu wifi alikataa katakata kumfanyia. Kila kichujio alikifungua na kupanga vipande juu ya taulo kwa mpangilio uleule vilivyotoka: ganda la chuma, kiini cha plastiki, wavu, pete ya mpira. Pete aliziweka kando. Mchanga aliutoa kwa kupitisha maji upande wa chini kuja juu, kinyume cha njia yake, ili usizidi kujishindilia. Vilivyobaki na chokaa vikaloweshwa kwenye siki saa nzima, na vitobo vilivyobisha akavizibua kwa sindano ya kushonea nywele. Chokaa ilikuwa ikichemka vipovu vidogovidogo kwenye bakuli, na Mama Vichwa, ambaye hupenda kitu chochote kikisafishika, alijikuta anaimba. Vitatu wavu wake ulikuwa umechanika, hivyo Spana akavitenga.

Jioni wakaenda dukani na vile vitatu. "Usinunue kwa macho," Spana alionya. "Peleka cha zamani kipimwe. Vingine meno yake ya kukazia yako nje, vingine ndani, na upana hautofautiani sana ukiangalia tu, lakini ukifika nyumbani ndipo unapojuta." Akamwonyesha maandishi madogo kwenye ukingo: lita kwa dakika. Mbili, tano, sita, nane. Kwa bafuni, ambako mtu ananawa tu, akachukua viwili vya tano. Kwa jikoni, ambako mtu anajaza sufuria na kusugua mafuta, akachukua kimoja cha nane. Na kwa kuwa visahani viwili vya zamani vilikuwa vimekwanguliwa na koleo, akachukua vipya viwili vya lita sita kwa ajili ya mipira ya saluni.

"Mbona visahani vya lita mbili vipo?" Mama Vichwa aliuliza. "Mbili ni chache kuliko sita."

"Na sufuri ni chache kuliko mbili. Twende zetu."

Lakini Mama Vichwa alirudi nyuma akijidai amesahau mwamvuli, akanunua cha lita mbili, akakitia mkobani. Ndivyo alivyo huyu mama.

Ijumaa tangi lilijazwa. Alasiri, Mama Vichwa alijikaza kisabuni, akabeba kopo, na Spana nyuma yake na spana, wakaanza kugonga milango.

"Jirani, nimekuja kukuomba radhi," alianza mlango wa kwanza, na kabla mshonaji hajauliza radhi ya nini, akamwaga yote kwa pumzi moja. Mshonaji alichomoa pini alizozibana mdomoni. Kisha akasema, "Kumbe! Na mimi ndiye niliyekushangilia." Akawaacha waingie. Mlango wa pili walimfokea kidogo, wa tatu walimcheka sana, wa nne mama mmoja mwenye mapacha alisema ndiyo maana watoto wakinawa maji huruka hadi kitandani. Kila nyumba Mama Vichwa aliziba shimo la sinki kwa kitambaa ili kipande kisidondoke, akafungua bomba sekunde chache mchanga uliobaki utoke, akaweka pete ya mpira, akakaza kwa mkono. Spana alikagua tu. Wakapima kwa jagi: sekunde nane, tisa. Maji yakashuka meupe, laini, bila kuruka, na wenye nyumba wakatia mikono chini yake wakatabasamu kama watoto.

Uani, kwenye bomba la mlinzi la kujazia ndoo, Mama Vichwa alitaka kufunga kichujio pia. Spana akamzuia. "Ndoo ni ndoo. Ukibana maji hapa, ndoo itajaa kwa maji yaleyale, ila mlinzi atasimama mara tatu zaidi."

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Mwalimu.

Mwalimu alisikiliza amesimama, kitambaa kimefungwa kichwani barabara, mikono nyuma. Mama Vichwa alipomaliza, alimnyooshea kopo.

"Kwa hiyo kweli ni wewe," Mwalimu alisema.

"Ni mimi, Mwalimu. Lakini si sinki langu. Ni koleo langu."

"Na mimi nilikupa chungwa."

"Ulinipa, Mwalimu. Lilikuwa tamu."

Spana aligeuka akatazama ukuta kwa nguvu zake zote asicheke. Mwalimu hakucheka. Aliruhusu bomba lake lipimwe, na hapo Spana akashangaa: bila kichujio chochote, jagi lilichukua sekunde kumi na mbili. "Mwalimu wewe humwagi hata kidogo," alisema. "Tangi liko juu yako hatua chache tu, maji hayana msukumo. Ukifungiwa kitu cha kubana utabaki na matone. Wewe nakurudishia wavu mtupu wa kuzuia mchanga, basi."

"Nilikuwa najua simwagi," Mwalimu alisema. Akamgeukia Mama Vichwa. "Umekuja mwenyewe, hilo nimeliona. Lakini barua haifutwi kwa maneno. Tangi ndilo litakaloamua. Jumanne saa mbili asubuhi, paani."

Jumamosi alfajiri, Mama Vichwa hakulala tena. Alishuka saluni peke yake akiwaza: kama lita sita zinaokoa, lita mbili si zinaokoa mara tatu? Bibi harusi na watano ni vichwa sita. Akafungua maungio ya mpira wa sinki la kwanza, akatoa kisahani cha lita sita alichokuwa amefungiwa na wifi, akatia kile chake. Akafurahi na akili zake.

Saa tatu bibi harusi alikuwa amelala kwenye sinki, kichwa kizima povu, akisimulia jinsi mchumba wake alivyokosea njia siku ya kwanza kuja kwao. Mama Vichwa akafungua mpira. Kikatoka kijimaji chembamba kama uzi, tena baridi ya kuuma meno.

"Uuuwiii!" Bibi harusi aliruka, povu likaruka naye, wasindikizaji wakapiga kelele, mmoja akaanguka na kiti. Mama Vichwa aligeuza koki ya maji moto. Baridi. Akaigeuza mpaka mwisho. Baridi vilevile. Uzi ule ulipita juu ya povu bila kuliondoa, na sekunde zilikuwa zinakwenda, na macho ya bibi harusi yalianza kuwasha.

"Wifi!" alipiga yowe kwenye simu. "Hita imekufa!"

Spana alikuwa anakunywa chai kwa mshonaji, ghorofa moja juu. Alishuka mkate bado mdomoni, akafungua maungio, akakichomoa kisahani, akakiinua kwenye mwanga.

"Mbili," alisema, akameza mkate. "Kumbe mwamvuli ulikuwa na tundu."

"Nisamehe. Wahi kwanza, mtoto wa watu anaungua macho!"

Kisahani cha sita kikarudi. Hita ikanguruma, maji ya uvuguvugu yakashuka yameenea, povu likaondoka kichwani mwa bibi harusi kwa dakika moja. "Hita ya namna hii inasubiri maji yaisukume ndipo iwake," Spana alieleza huku akikaza kwa mkono. "Ukiyabana kupita kiasi haisikii kama kuna mtu. Unakaa unamwaga baridi ukingojea moto usiokuja, na povu halitoki, na ungetumia mengi kuliko mwanzo. Ubahili nao una mipaka yake, wifi." Bibi harusi, ameshajifuta macho, alicheka akasema hadithi ya mchumba wake imepata mwenzake, nayo ataisimulia ukumbini. Vichwa vyote sita vilioshwa. Walitoka saluni wakinukia, wakipiga vigelegele mpaka kona ya barabara.

Jumapili jioni Mama Vichwa hakuthubutu kufungua bomba lake la jikoni kutazama. Alimtuma Spana. Yalikuwepo. Jumatatu asubuhi, yalikuwepo. Jumatatu usiku alikaa macho akisikiliza kila choo kilichovutwa jengoni, na kila kimoja kilimkata roho.

Jumanne saa mbili alipanda ngazi za paa. Mwalimu alikuwa ameshafika, na mlinzi na fito yake ndefu ya kupimia. Kifuniko kikaondolewa. Mlinzi akazamisha fito, akaitoa, wakaitazama wote watatu.

Ilikuwa imelowa mpaka karibu na goti la Mama Vichwa.

"Goti!" alisema. Hakuamini. Aliishika fito kwa mikono miwili, akauhisi ubaridi wake. "Mwalimu, goti zima!"

"Naona, mwanangu. Sijapofuka."

Mama Vichwa alimkumbatia Mwalimu bila kuomba ruhusa, akamnyanyua kidogo kutoka sakafuni, kisha akakimbilia ngazi akipiga kelele, "Yamebaki! Jamani, yamebaki!" na milango ikafunguka ghorofa kwa ghorofa, na mama wa mapacha akapiga sufuria kwa mwiko. Chini, Spana alimpokea mlangoni mwa saluni. "Nakupenda, mshenzi wewe," Mama Vichwa alimwambia, na Spana akamkumbatia.

Bado walikuwa wameshikana pale walipomsikia Mwalimu akishuka, hatua kwa hatua, taulo begani. Aliingia, akakaa kwenye kiti cha sinki, akafungua kitambaa. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimeshikamana, zimekauka vumbi. Spana na Mama Vichwa walitazamana.

"Kule juu maji hukata kwanza," Mwalimu alisema. "Miezi miwili, siku yangu ya kuosha nywele ikifika, bomba linakohoa tu. Mimi niliyefundisha watoto usafi miaka thelathini na nane. Niliona aibu kumwambia mtu." Alilaza shingo kwenye sinki, akafumba macho. "Haya, nioshe."

Mama Vichwa alimwekea taulo shingoni. Alipima maji kwa kiwiko, akamlowesha, akapaka sabuni, akasugua polepole kwa ncha za vidole, mara ya kwanza, mara ya pili, huku Mwalimu akipumua kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akafungua mpira kumsuuza, na kwa woga wa siku zile zote akaufunga haraka, nusu ya povu bado ipo.

Mwalimu hakufumbua macho. "Mbona unanibania?" alisema. "Fungua, mwanangu. Yapo."

Mama Vichwa akafungua.